Nywele Kunyonyoka na Akiba ya Chuma Mwilini

Kwa kawaida mtu hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku. Zikizidi hapo kichwa kizima, chanzo mara nyingi kilitokea miezi miwili au mitatu nyuma, kwa kuwa shina la unywele hupumzika kwanza ndipo liuachie.

Mfano ni mwanamke mwenye hedhi nzito ambaye kitana chake hujaa nywele kila asubuhi. Himoglobini yake ni 12.5, hivyo huambiwa damu inatosha. Lakini ferritini, protini inayohifadhi madini ya chuma, ni mikrogramu 9 kwa lita, chini ya kiwango cha 15. Akiba imekwisha kabla damu haijapungua. Kipimo hiki nacho hupotosha: maambukizi hupandisha ferritini, upungufu ukajificha.

Tezi ya thairoidi iliyopo shingoni, ikizidisha au kupunguza homoni, huleta hali hiyohiyo. Kipimo cha TSH huibaini. Kwa vitamini D ushahidi ni dhaifu zaidi.

Vidonge vya chuma visimezwe bila kupima, maana chuma kikizidi hudhuru ini. Hata tiba ikifaa, nywele huchukua miezi kadhaa kujaa tena.