Kapu na kitambaa cheupe

Ukienda kununua kapu la rangi, beba kitambaa cheupe ukiloweshe kidogo. Sugua ubavu wa kapu mara tatu nne. Kikitoka chekundu, ujue na nguo ya mwenye kapu itakuwa nyekundu siku ya mvua.

Katani ndiyo inayoshika rangi vizuri kuliko zote, maana uzi wake hunywa maji. Ukambani, nchini Kenya, wanaosuka vyondo huanza kwa kupara jani la mkonge mpaka nyama yote ya kijani iishe. Hapo ndipo wavivu hujulikana: penye mabaki ya nyama rangi haipenyi, na uzi hutoka na madoa. Nyuzi zilizooshwa na kukauka hutiwa kwenye sufuria ya rangi inayochemka, yenye chumvi kidogo, zikaachwa humo humo mpaka zipoe. Kisha husuuzwa mara kwa mara hadi maji yatoke meupe, na kuanikwa kivulini. Kapu linalochujuka, mara nyingi kosa lake ni hapo kwenye kusuuza: mtu ana haraka ya soko, au ametia unga wa rangi mwingi akidhani utakolea zaidi. Uzi hubeba kiasi chake tu, unaozidi hukaa juu ukingoja maji.

Ukindu wa pwani una ngozi yenye nta, kwa hiyo rangi huingia kwa shida na lazima uchemshwe kwa muda mrefu. Uzuri wake ni mng'ao, ambao katani haina. Lakini ukisukwa mkavu hupasuka kwenye mikunjo, ndiyo maana msusi hunyunyizia maji akiendelea na ukili. Ukikuta nyufa ndogo ukingoni mwa kapu jipya, liache.

Milulu, matete membamba ya Iringa, mimi naipenda bila rangi. Kapu lake husimama lenyewe, linafaa matunda ya mezani au nguo za mtoto. Usilijazie viazi: ndani ya tete mna sponji, na likikunjwa kavu huvunjika. Likihifadhiwa na unyevu huota ukungu.

Mikanda ya plastiki haitiwi rangi nyumbani, huja nayo. Haiozi, huoshwa kwa sabuni, na kwa kubeba samaki sina la kubishana nayo. Adui yake ni jua, ambalo baada ya muda huifanya ikauke na kukatika.

Sokoni, mama wa nyanya atachagua plastiki. Duka la watalii litataka katani au ukindu, na mnunuzi wake atapindua kapu kwanza: atatazama kitako kama kimekaa sawa, kisha atavuta mkono wa kapu penye mshono. Katani yenyewe haikatiki kirahisi. Kinachoachia ni mshono wa mkono ulioshonwa raundi moja badala ya tatu.