Nusu ya wimbo ndani ya taksi

Wamama wengi wa chama chetu wanaopeleka bidhaa kwenye soko la Kenya, hapa Lubumbashi, wanamfahamu dereva huyu. Ni yeye anayetusaidia kufunga magunia nyuma ya gari na hasemi neno tukichelewa na chenji. Ametupa ruhusa tusimulie habari yake, ila jina ameomba tuliache.

Ilikuwa siku ya kwanza ya juma, kabla ya saa moja asubuhi. Tulikuwa wanne ndani ya taksi, na redio ilikuwa inapiga muziki wa zamani. Gitaa likaanza, juu linacheka na chini linatembea polepole. Kisha mwanaume akaanza kuimba kwa Kiswahili cha kwetu. Dereva akapunguza mwendo mpaka wenye haraka wakaanza kunung'unika. Hapo katikati mtangazaji akaukata wimbo ili asome tangazo la kilio. Tangazo lilipokwisha akaweka wimbo mwingine, na jina la ule wa kwanza hakulitaja.

Dereva alisimamisha gari kando ya barabara. Akatuambia: "Wamama, ule ni wimbo wa baba yangu."

Baba yake alikuwa mfanyakazi kule Likasi, na jioni alikuwa anapiga gitaa mlangoni. Alikufa mwaka jana. Gitaa liliuzwa ili kulipa dawa. Zilikuwa zimebaki juma sita ili familia ikutane kumkumbuka kwa mwaka mmoja, na dereva alitaka wimbo ule usikike siku hiyo. Lakini maisha yake yote hakuwahi kuuliza unaitwaje.

Alianzia kwenye redio yenyewe. Wazo lilikuwa zuri, maana alijua siku na saa. Lakini pale wakamwonyesha kwamba nyimbo za asubuhi zinatoka kwenye flashi moja yenye mamia ya nyimbo, na nyingi hazina jina, zina namba tu. Mtangazaji hakukumbuka. Alisema atatafuta, na hakutafuta.

Juma la pili alienda kwa vijana wanaojaza nyimbo kwenye simu. Kijana mmoja alifungua ile programu ya simu inayotambua nyimbo, akamwambia aimbe. Dereva akaimba, simu haikupata kitu. Programu ile inalinganisha sauti inayoisikia na rekodi zilizowekwa ndani yake, kwa hiyo inahitaji wimbo wenyewe unaopigwa. Mdomo wa dereva hauwezi kuwa rekodi. Angeweka simu karibu na redio asubuhi ile, labda ingesaidia. Sasa ilikuwa kuchelewa.

Basi akaanza kuueleza kwa maneno, na hapo ndipo alipopotea kweli. Kila mahali alisema: "Natafuta wimbo wa zamani, wa Kiswahili, wenye gitaa mbili." Wauzaji walimpa nyimbo za orkesta, maana orkesta ndizo zenye gitaa mbili na zaidi. Alisikiliza rumba mpaka usiku. Abiria nao walitaka kusaidia, kila mmoja na jina lake, na siku ile ile alipewa majina matano tofauti. Tena tuliona jambo jingine: kadiri alivyouimba, ndivyo ulivyobadilika. Juma la tatu alikuwa anaimba kitu kilichofanana zaidi na nyimbo za kwaya ya parokia kuliko kile tulichosikia sisi wote ndani ya gari.

Juma la nne, abiria mmoja alimpeleka Kamalondo kwa mzee anayefundisha watoto gitaa. Mzee hakutaka aimbe. Alimwuliza maswali mawili tu. La kwanza: "Ulisikia ngoma?" Hapana. La pili: "Ulisikia besi ya orkesta, au chini ilikuwa nyuzi za gitaa lile lile?" Dereva akafikiri sana, akasema ni nyuzi. Mzee akacheka: "Basi hakukuwa na gitaa mbili, mwanangu. Ni mtu mmoja."

Akachukua gitaa lake akamwonyesha. Kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nene za juu ya mkono, hakisimami. Kidole cha shahada kinapiga nyuzi nyembamba na kuleta wimbo. Mikono ni miwili, vidole vinavyofanya kazi upande wa kulia ni viwili, lakini asiyeona anahesabu wapigaji wawili. Ndiyo namna ya wapigaji wa Katanga wa miaka ya 1950, na mkubwa wao ni Jean Bosco Mwenda, mwana wa Bayeke, aliyezaliwa mwaka 1930. Mwaka 1952, Hugh Tracey, mtu aliyekuwa anazunguka Afrika akirekodi muziki, alimkuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Wimbo wao uliojulikana mbali ni "Masanga".

Dereva akarudi kwa yule kijana wa simu na jina mkononi. Kijana akaupata. Dereva akausikiliza dakika zake tatu, akakunja uso: "Huu unafanana, lakini siyo. Ule ulikuwa na mtu anayeimba. Huu ni gitaa peke yake." Akauacha. Juma zima likapita akitafuta tena, na siku ya ukumbusho ilikuwa imekaribia.

Ni sisi tuliomwuliza: mama yako anasema nini? Akajibu kwamba mama hajui kitu, hajamwambia. Mama yake anaishi kwake, na tangu mume wake afe anazungumza kidogo sana. Dereva aliogopa kumliza. Mmoja wetu, mama mtu mzima, akamwambia bila kuzunguka: "Baba, juma tano unauliza watu wa barabarani, na mke wa mwenye wimbo analala nyumba moja na wewe."

Jioni ile alirudi Kamalondo kwanza. Mzee akamweleza kwamba Mwenda alirekodi "Masanga" zaidi ya mara moja: kuna yenye sauti, na kuna ya gitaa bila maneno. Redio ilipiga ile ya sauti. Kijana wa simu alimpa ile nyingine. Zote mbili ni wimbo mmoja.

Alifika nyumbani na zote mbili kwenye simu. Aliweka kwanza ile yenye sauti, kwa kuwa ndiyo aliyoitafuta. Mama akasikiliza, akasema: "Ndiyo, lakini baba yako hakuwa anaimba. Alikuwa na haya. Alipiga tu." Dereva akaweka ile ya pili, ile aliyoikataa. Mama hakulia. Aliweka mkono juu ya meza, na kidole gumba chake kikaanza kugonga, polepole, mahali pale pale gitaa linapogonga chini. Halafu akasema jina, "Masanga", kama mtu anayetaja jina la jirani. Alilijua siku zote. Hakuna aliyemwuliza.

Siku ya ukumbusho wimbo ulipigwa kwa simu iliyowekwa ndani ya sufuria tupu ili sauti ikuzwe. Wajukuu walisikia kwa mara ya kwanza kambo wao alichokuwa anapiga. Mama alisimulia Likasi mpaka usiku: mlango, kiti, na wanaume wa kambi waliokuja kukaa kimya baada ya kazi.

Sasa ndani ya taksi, kwenye mfuko wa karatasi za gari, kuna daftari dogo. Wimbo wa zamani ukipita kwenye redio, dereva anatuomba sisi abiria tuandike saa, redio, lugha ya maneno, na kama gitaa ni la mtu mmoja au la wawili. Na juma hili, kila mmoja wetu aliyebaki na mzazi nyumbani amemwuliza swali moja: ulikuwa unaimba nini wakati sisi tulikuwa wadogo, na unaitwaje?