«Mimi» au «sisi»? Neno dogo linaloweza kumponza mwenye biashara ndogo

Kwenye simu za wakaaji wa Lubumbashi, wafanyabiashara wengi wadogo wanajitambulisha kwa neno moja: sisi. Fundi wa nguo anayefanya kazi peke yake anaandika «sisi ni kampuni». Mama anayepika keki jikoni kwake anaandika «timu yetu». Mtengenezaji wa simu mwenye meza moja kando ya barabara anaahidi kwamba «mafundi wetu» watashughulikia kila tatizo.

Nia si kudanganya. Wengi wanaona kwamba «sisi» inaleta heshima, na kwamba anayesema «mimi» ataonekana mdogo. Lakini mteja anaposoma «sisi» anafanya hesabu. Anahesabu mikono, anahesabu mashine, kisha anapanga mambo yake kwa kufuata hesabu hiyo. Hapo ndipo matatizo yanapoanzia.

Chukua mfano wa fundi cherehani wa Katuba mwenye mashine moja ya kushona. Kwenye ukurasa wake wa biashara ameandika hivi: «Sisi ni kampuni ya ushonaji mjini Lubumbashi. Timu yetu inashona magauni na mashati ya kitenge kwa haraka. Karibu kwangu, niandikie hapa.» Kwa siku moja, akikata, akishona na kumalizia mwenyewe, anatoa magauni mawili.

Familia moja inayoandaa harusi inasoma maneno hayo na kuleta vitambaa vya magauni 24. Siku za kazi zilizobaki ni tisa. Kwa watu watatu au wanne, kazi hiyo inawezekana bila shida. Kwa mtu mmoja anayetoa magauni mawili kwa siku, siku tisa zinatoa magauni 18. Wanawake sita watakosa nguo siku ya harusi, hata kama fundi hatapokea kazi nyingine yoyote na umeme hautakatika hata mara moja.

Fundi alipaswa kusema mapema kwamba kazi imemzidi, hilo ni wazi. Lakini familia nayo haikuuliza kazi itachukua siku ngapi, kwa sababu neno «timu» lilikwisha kuwajibu. Kama wangesoma «ninashona mwenyewe», swali la kwanza lingekuwa: «Utaweza kumaliza lini?» Swali hilo moja lingeokoa harusi, na lingeokoa pia pesa za mwanzo ambazo sasa zinadaiwa zirudishwe.

Maandishi ya fundi huyo yana kasoro ya pili. Yanaanza na «sisi» na kumalizia na «kwangu» na «niandikie». Msomaji makini anajiuliza kama anazungumza na kampuni au na mtu. Anayeuliza swali hilo hawi tayari kutuma pesa kwa simu kabla ya kuona nguo.

Kuchagua kati ya maneno haya mawili kunataka swali moja tu: ni nani anayefanya jambo linalotajwa na kitenzi? Kama anayekata, anayeshona, anayepokea pesa na anayejibu simu ni mtu yule yule, basi ni «mimi». Kama kuna mtu wa pili anayefanya kazi hiyo siku zote, na anayeweza kumhudumia mteja wakati mwenye biashara hayupo, basi ni «sisi». Mpwa anayekuja kusaidia majuma mawili kabla ya Noeli hatoshi kubadilisha neno. Kwa kipindi hicho inatosha kuandika: «Mwezi wa Desemba ninasaidiwa na mtu mmoja.»

Karatasi za serikali hazibadilishi jibu hilo. DRC iko katika OHADA tangu mwaka wa 2012, na chini ya sheria za umoja huo, biashara ya mtu mmoja ambayo wengi wanaiandika «Ets» kwenye bango si mtu tofauti na mwenyewe. Madeni ya biashara ni madeni yake. Kwa hiyo neno «kampuni» halimfai. SARL ni jambo jingine: yenyewe ni mtu mbele ya sheria, hata ikiwa na mwanachama mmoja tu. Lakini mwenye SARL anayeshona peke yake bado ana mikono miwili tu, na mteja anataka kujua habari za mikono.

Kiswahili kina jambo lake hapa ambalo mtu akifuata mashauri yaliyoandikwa kwa Kifaransa hataliona. Mtu mmoja anaweza kusema «karibu kwetu», na hakuna atakayemwona mwongo. «Kwetu» ni nyumbani, ni ukoo, ni mahali mtu anapotoka. Mgeni anayekaribishwa kwa neno hilo hahesabu wafanyakazi. Fundi wa Katuba anaweza kuacha «karibu kwetu» katika salamu yake huku sehemu nyingine zote akisema «mimi». Kinachomfunga ni maneno yanayodai watu au kazi: «timu yetu», «mafundi wetu», «tunashona», «tutakuletea».

Baada ya kuchagua, kazi iliyobaki ni kushikamana na neno hilo kila mahali. Katika Kiswahili, nafsi haikai mahali pamoja, imejificha ndani ya maneno. Iko mwanzoni mwa kitenzi: «ninashona» au «tunashona». Iko katikati ya kitenzi: «kuniandikia» au «kutuandikia». Iko katika umiliki: «duka langu» au «duka letu». Na iko katika kukanusha, mahali ambapo wengi wanasahau: «sifungui Jumapili» au «hatufungui Jumapili». Mtu anayetafuta «tu» kwa macho tu ataiona «tunashona» na kuipita «hatufungui».

Anayesahihisha asiguse pia yasiyohusika. Katika «mimi ni fundi», ile «ni» si nafsi, na haibadiliki. «Sisi ni mafundi» inabaki na «ni» ile ile. Katika «Jumamosi tu», neno «tu» halina uhusiano wowote na «sisi». Njia salama ni kusoma kwa sauti, sentensi baada ya sentensi, na kuuliza kila kitenzi: nani?

Sehemu za kusoma ni nyingi kuliko wenye biashara wanavyodhani. Maelezo ya juu ya ukurasa kila mtu anayakumbuka. Yanayosahauliwa ni yale yanayojituma yenyewe. Katika WhatsApp Business kuna ujumbe wa kukaribisha, ambao anaupata mteja anayeandika kwa mara ya kwanza au anayerudi baada ya siku 14 za kimya. Kuna ujumbe wa wakati mwenye biashara hayupo, na kuna majibu ya haraka yaliyohifadhiwa. Mwenye simu huenda aliyaandika siku ya kwanza na hajayaona tena, wakati kila mteja mpya anaanza na hayo. Baada yake kuna maelezo ya bidhaa, bango la mlangoni na risiti.

Kwa fundi wa Katuba, maelezo yaliyosahihishwa yangekuwa hivi: «Mimi ni fundi cherehani, ninafanya kazi Katuba. Ninashona mwenyewe magauni na mashati ya kitenge. Ninapokea nguo 10 kwa juma. Ukiwa na zaidi ya hapo, niulize kwanza. Karibu kwetu.» Nguo 10, kwa sababu siku sita za kazi zinatoa 12, na mbili anaziacha kwa ajili ya marekebisho na siku mbaya.

Ujumbe wake wa kukaribisha ulisema: «Asante kwa kutuandikia. Tutakujibu hivi karibuni.» Sasa ungesema: «Asante kwa kuniandikia. Nikiwa kwenye mashine sishiki simu. Nitakujibu kabla ya saa kumi na mbili jioni.» Mteja aliyesoma «tutakujibu» na kukaa saa nne bila jibu anaona kampuni inamdharau. Aliyesoma maneno ya pili anajua fundi yuko kazini.

Kosa la upande wa pili lipo pia. Duka lenye wauzaji watatu wanaotumia simu moja likisema «mimi», mteja hajui anaongea na nani. Asubuhi muuzaji mmoja anaandika «nitakupunguzia bei». Jioni mteja anafika, anamkuta mwingine, na ahadi haina mwenyewe. Katika duka la namna hiyo, ahadi zote zinatolewa kwa «sisi»: bei, siku, kurudisha pesa. Kisha anayeandika anaweka jina lake mwishoni mwa ujumbe. Mteja anajua duka zima limeahidi, na anajua nani aliyemwambia.

Kuchanganya kunaruhusiwa pale kila neno linapokuwa na kazi yake. Fundi aliyeajiri mtu wa pili anaweza kuandika: «Tunashona wawili. Vipimo ninachukua mwenyewe.» Hapo hakuna mgongano, kwa sababu «sisi» inahusu kazi ya wawili na «mimi» inahusu kazi ya mmoja. Mchanganyiko mbaya ni ule ambao kazi ile ile inafanywa leo na «mimi» na kesho na «sisi».

Neno lililochaguliwa linapimwa hasa siku mambo yanapoharibika. «Tunaomba radhi kwa usumbufu» kutoka kwa mtu mmoja inasikika kama anajificha nyuma ya watu wasiokuwepo. «Nilikata mkono wa gauni vibaya. Nitanunua kitambaa kingine, na utalipata Alhamisi» inamwonyesha mteja kosa, mwenye kosa na siku ya dawa yake. Duka la watu wengi nalo linaweza kuomba radhi kwa «sisi», mradi limtaje mmoja atakayefuatilia.

Siku biashara inapokua na «mimi» inapogeuka «sisi», mabadiliko yanafanywa kwa kikao kimoja: maelezo, ujumbe unaojituma, majibu ya haraka, maelezo ya bidhaa, risiti. Matangazo ya zamani yanaweza kubaki yalivyo, kwa kuwa yana tarehe zake, na siku hizo fundi alikuwa kweli peke yake. Ila maelezo ya nguo 10 kwa juma ni lazima yabadilike siku hiyo hiyo. Neno jipya linataka idadi mpya, na idadi hiyo inapatikana kwa kuhesabu kile ambacho wawili hao wametoa kwa majuma machache ya kazi halisi.