Seva Iko Ng'ambo, Mchezaji Yuko Hapa

Kasino ya Piggs Peak ilikuwa na karatasi zake zote. Ilisajiliwa Swaziland, nchi ambayo leo inaitwa Eswatini, leseni yake ilitolewa huko, na seva zilizochezesha michezo yake ya mtandaoni zilikaa huko huko. Wateja iliowalenga, hata hivyo, walikuwa upande wa pili wa mpaka, katika jimbo la Gauteng, Afrika Kusini. Iliwatangazia redioni, wakapakua programu kwenye kompyuta zao, wakafungua akaunti, wakaweka pesa na kucheza wakiwa sebuleni kwao.

Bodi ya kamari ya Gauteng ilipovitaka vyombo vya habari viache kurusha matangazo hayo, kampuni ilikwenda mahakamani. Hoja yake ilikuwa rahisi kueleweka, na ndiyo ile ile ninayoisikia hadi leo kwenye vibanda vya kubeti: mchezo unachezwa kwenye seva, seva iko Swaziland, kwa hiyo mchezaji wa Johannesburg ni kama mtu aliyevuka mpaka akaenda kukaa kwenye meza ya kasino kule.

Mahakama Kuu iliikataa hoja hiyo mwaka 2010, na Septemba 2011 Mahakama ya Juu ya Rufani ikaikataa tena. Majaji walitazama anachokifanya mchezaji. Anabonyeza kitufe akiwa Gauteng, anaweka dau lake akiwa Gauteng, matokeo anayaona kwenye kioo akiwa Gauteng. Kwamba hesabu ya bahati inapigwa na mashine iliyo mbali hakuondoi ukweli kwamba yeye anacheza kamari pale alipoketi. Kwa hiyo sheria inayomhusu ni ya pale alipo.

Hukumu hiyo haitufungi sisi wa Tanzania wala Kenya, maana kila nchi ina mahakama zake. Lakini imelijibu vizuri swali ambalo wachezaji wengi wa tovuti za nje huliuliza vibaya. Huuliza: je, tovuti hii ina leseni? Karibu zote zinayo, ya mahali fulani. Swali linalofaa ni hili: sheria ya nchi niliyomo ninapobonyeza inasema nini juu yangu mimi mchezaji, na inasema nini juu ya pesa nitakazoshinda?

Sehemu hiyo ya pili ndiyo watu huisahau. Tubaki Afrika Kusini kidogo. Sheria yake ya Taifa ya Kamari, Na. 7 ya 2004, katika kifungu cha 11 inakataza mtu kuendesha mchezo wa kasino wa mtandaoni bila kibali, na papo hapo inakataza mtu kushiriki. Adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 10 au faini ya randi milioni 10, au vyote viwili. Kwa mchezaji wa kawaida, kinachouma kwa haraka zaidi kiko kwenye kifungu cha 16. Pesa zilizotokana na kamari isiyo na kibali hazitakiwi kufika mkononi mwa aliyeshinda. Zinapelekwa kwa Bodi ya Taifa ya Kamari, zinashikiliwa wakati uchunguzi unaendelea, na ikithibitika zimetoka kwenye mchezo haramu, bodi inaweza kuiomba Mahakama Kuu itamke kwamba ni mali ya serikali.

Hebu tazama maana yake. Mtu anacheza miezi kadhaa, anapoteza dau baada ya dau, na hakuna anayemgusa. Siku anayoshinda kiasi kikubwa, pesa zinaingia kutoka nje kwenye akaunti yake ya benki, na hapo ndipo maswali yanaanza. Hasara zilikuwa zake peke yake, ushindi si wake. Nadhani kila anayefikiria kuweka pesa kwenye tovuti ya nje anastahili kuambiwa hili kabla ya kuambiwa habari za jela.

Nchi nyingine zimechagua njia tofauti. Australia, kwa sheria yake ya mwaka 2001 kuhusu kamari ya mtandaoni, inamwandama mtoa huduma: tovuti ya kasino inayowahudumia watu walioko Australia inavunja sheria, na mamlaka huzitaka kampuni za intaneti ziizuie. Mchezaji mwenyewe hatendi kosa chini ya sheria hiyo, ingawa akidhulumiwa hana wa kumlilia. Ujerumani ni kinyume chake. Kifungu cha 284 cha sheria yao ya makosa ya jinai kinamhusu anayeendesha kamari bila kibali, na kifungu cha 285 kinamhusu anayeshiriki, ambaye anaweza kufungwa hadi miezi 6 au kutozwa faini. Kwa ndugu zetu walioko Ghuba, jambo ni zito zaidi, kwa kuwa huko kucheza kamari isiyoruhusiwa ni kosa la jinai la mchezaji mwenyewe. Akaunti uliyofungua kihalali ukiwa Dar es Salaam haikulindi ukiifungua tena ukiwa Dubai.

Sasa tuje nyumbani, tuone ukaguzi wenyewe unavyofanyika. Tuseme kijana wa Temeke ametumiwa kiungo cha tovuti ya sloti. Ina maelezo ya Kiswahili, inapokea pesa kupitia simu, na jina lake ni la kampuni ambayo ameona mabango yake mjini. Anataka kujua kama ni halali.

Aanzie chini kabisa ya ukurasa, kwenye maandishi madogo, kisha afungue vigezo na masharti. Anachokitafuta ni jina kamili la kampuni iliyoingia naye mkataba, mahali iliposajiliwa, aliyetoa leseni, na sheria ya nchi itakayotumika ukitokea mgogoro. Hapa ndipo wengi hunaswa, kwa sababu jina moja la biashara linaweza kuwa na tovuti mbili: moja ya kampuni yenye leseni nchini, nyingine ya kampuni dada iliyosajiliwa Kurasao au Malta. Nembo ni ile ile na rangi ni zile zile, lakini mkataba ni mwingine. Kwa hiyo asome anwani ya tovuti herufi kwa herufi, maana leseni ya kampuni ya `.co.tz` haiifuniki `.com` yenye jina lile lile.

Akishapata jina la kampuni, aende kwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, `gamingboard.go.tz`, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, ambayo sasa ni Sura ya 41. Huko aangalie orodha ya wenye leseni: jina la kampuni, jina la biashara, na aina ya leseni. Aina ni muhimu, kwa sababu leseni ya kubashiri matokeo ya michezo ni tofauti na ya kasino ya mtandaoni. Kampuni isiyoonekana kwenye orodha, au inayoonekana kwa shughuli nyingine, ichukuliwe kuwa haina ruhusa hadi bodi yenyewe iseme vinginevyo.

Asidanganywe na muhuri wa leseni ya nje. Kwanza aubonyeze. Muhuri wa kweli humpeleka kwenye tovuti ya mdhibiti aliyeutoa na kuonyesha jina la kampuni na anwani ya tovuti ile ile. Ukiwa ni picha tu isiyofunguka, hiyo ni dalili mbaya. Lakini hata ukiwa wa kweli, unathibitisha tu kwamba kampuni inaruhusiwa na nchi iliyoutoa. Siku hizi tovuti nyingi huonyesha leseni ya Anjouan, yaani Nzwani, kisiwa cha Komoro, nchi jirani yetu baharini. Ujirani huo hauipi leseni hiyo nguvu yoyote Tanzania.

Kuna pia orodha ya nchi zilizozuiwa, ambayo huwekwa ndani ya masharti. Kijana wetu anaweza kuona kwamba Tanzania haimo, akafurahi. Orodha ile ni uamuzi wa kampuni kuhusu wapi inaogopa kufuatwa na sheria, haitolewi na serikali ya Tanzania. Na pale nchi yake ilipo kwenye orodha, asithubutu kuingia kwa kuficha mahali alipo kwa VPN. Tovuti itampokea, itachukua amana yake, na siku atakapotaka kutoa pesa itamdai kitambulisho. Akituma cha NIDA, wanamwonyesha kifungu alichokivunja na kuufuta ushindi wote. Kwa mujibu wa mkataba alioukubali, wana haki.

Baada ya leseni inabaki sheria yenyewe, nayo inasomeka bure. Ya Tanzania iko `tanzlii.org`, ya Uganda `ulii.org`, ya Kenya `kenyalaw.org`. Hakuna haja ya kuisoma yote. Asome tafsiri ya maneno mwanzoni, aone kama mchezo wa mtandaoni umetajwa. Kisha aende kwenye makosa na adhabu, atazame kila kosa linamhusu nani: anayeendesha, anayetangaza, anayepokea dau, au anayecheza. Mwisho atafute vifungu vya madeni na zawadi, aone kama mshindi anaweza kudai pesa zake mahakamani. Sheria ikimnyamazia mchezaji, ukimya huo una maana finyu: hajatajwa kama mkosaji, lakini hajapewa haki yoyote dhidi ya kampuni isiyo na leseni. Asisahau pia masharti madogo yanayotofautiana kati ya majirani. Umri wa kucheza Tanzania na Kenya ni miaka 18, Uganda ni 25.

Tarehe nazo zitazamwe. Kenya iliishi na sheria ya mwaka 1966 hadi ilipotunga mpya iliyosainiwa Agosti 2025, inayoleta mamlaka mpya badala ya bodi ya zamani, hivyo makala nyingi zinazozunguka mtandaoni zinazungumzia sheria iliyopita. Tanzania hubadilisha vifungu vya Sura ya 41 kupitia Sheria ya Fedha inayoanza kutumika kila Julai. Na kutungwa hakutoshi. Bunge la Afrika Kusini lilipitisha mwaka 2008 marekebisho ya kuruhusu kasino za mtandaoni kwa leseni, lakini hayakuwahi kuanza kutumika, na bado kuna wanaoyanukuu kana kwamba yanafanya kazi. Kwa hiyo mtu aangalie tarehe ya kuanza kutumika, ambayo ni tofauti na tarehe ya kusainiwa.

Bado akiwa na shaka, aiandikie bodi kwa barua pepe, kwa maneno machache: jina la kampuni kama lilivyo kwenye masharti, anwani kamili ya tovuti, aina ya mchezo, na maswali mawili. Je, kampuni hii ina leseni ya kutoa mchezo huu kwa mtu aliyeko Tanzania? Na kama haina, ninayecheza ninakabiliwa na nini? Hadi jibu lije, pesa zikae kwenye simu yake.