Maelezo ya Utafiti: Sema Wewe Ulifanya Nini

Tangazo la nafasi ya msaidizi wa utafiti mara nyingi hudai, mbali na wasifu na vyeti, ukurasa mmoja au miwili ya maelezo ya utafiti. Waombaji wengi huijaza kwa kueleza ukubwa wa tatizo: malaria ni hatari, watoto wanaumia, serikali inajitahidi. Mtafiti anayesoma anayajua hayo. Anachotaka kujua ni kama anaweza kukutuma shambani kesho asubuhi nawe ukarudi na takwimu za kuaminika.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mhitimu wa biolojia anaomba kazi kwenye mradi wa malaria katika Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Utafiti alioufanya chuoni ulikuwa mdogo: yeye na wenzake wawili walitafuta viluwiluwi vya mbu kwenye maji yaliyotuama. Udogo huo si kasoro, mradi aueleze sawasawa.

Aanze na swali, kwa sentensi moja: je, mbu wa malaria huzaliana zaidi kwenye majaruba ya mpunga au kwenye mashimo yaliyochimbwa udongo wa matofali? Kisha aseme walivyolijibu. Walichagua majaruba 12 na mashimo 12, wakachota maji mara 10 kila sehemu kwa kata ya mililita 350, ile inayotumiwa sana na watafiti wa mbu. Katika michoto 120 ya majaruba walipata viluwiluwi 72 vya Anofelesi, na katika michoto 120 ya mashimo wakapata 24. Msomaji anapiga hesabu mwenyewe: kwa wastani, kila mchoto wa jaruba ulitoa mara tatu ya mchoto wa shimo.

Sasa inakuja aya inayowashinda wengi, ile ya kazi ya mwombaji. Akiandika "tulikusanya na kuchambua data," hajasema lolote, kwa kuwa walikuwa watatu na msimamizi juu yao. Aandike hivi: "Msimamizi ndiye aliyechagua maeneo. Mimi niliandaa fomu ya kurekodi, nilichota maji kwenye majaruba yote, na nilitenganisha Anofelesi na Kuleksi kwa macho. Mwenzangu alichota kwenye mashimo, na mwingine aliingiza takwimu kwenye kompyuta." Hapo msomaji anapata cha kumhoji siku ya usaili. Atamuuliza alivyowatenganisha, na aliyeifanya kazi hiyo atajibu mara moja: kiluwiluwi cha Anofelesi hulala sambamba na uso wa maji, kumbe cha Kuleksi huning'inia kichwa chini, kikipumua kwa mrija ulio mkiani.

Funzo nalo lisiwe "nilijifunza umuhimu wa kufanya kazi kwa ushirikiano." Funzo lenye uzito hutaja kilichokwenda kombo, kilivyogundulika na hatua iliyobadilishwa. Katika mfano wetu, mmoja alichota majaruba peke yake na mwingine mashimo peke yake. Je, tofauti ile ilitokana na maji au na mchotaji? Siku moja wawili hao wakachota kwenye dimbwi moja, na yule wa mashimo akapata vichache zaidi. Sababu ilionekana: alisimama kivuli chake kikianguka juu ya maji na kuchota papo hapo. Viluwiluwi hupiga mbizi vikishtuliwa na kivuli au mtikisiko, hivyo mchotaji husubiri dakika kadhaa mpaka vipande juu tena. Wakarudia sehemu zote 24 kwa utaratibu mpya, kila mmoja akichota nusu ya majaruba na nusu ya mashimo. Takwimu zilizotajwa juu ni za mzunguko huo wa pili, na fomu ikaongezewa safu ya jina la mchotaji. Basi aya ya kazi yake nayo irekebishwe ieleze mizunguko yote miwili, isibaki na ule wa kwanza tu.

Mwisho ataje mipaka ya matokeo. Idadi kwa mchoto hulinganisha sehemu na sehemu, haihesabu viluwiluwi vyote vilivyomo. Mvua kubwa huweza kuvisomba, kwa hiyo dimbwi lililokutwa tupu baada ya mvua si ushahidi kwamba mbu hawazaliani hapo. Na Anofelesi gambie na Anofelesi arabiensisi hawatenganishwi kwa macho, hutakiwa kipimo cha vinasaba. Kama hakukifanya, aandike "Anofelesi" tu na aishie hapo. Anayetaja jina la aina bila kipimo hujianika mbele ya mtaalamu kwa neno moja.

Ukimaliza kuandika, mpelekee msimamizi wako wa zamani aya inayoeleza kazi yako aisome kabla hujatuma. Yeye ndiye mdhamini atakayepigiwa simu, na maelezo yenu yakipishana, atakayeaminiwa ni yeye.