Salamu na Kusudi: Maneno ya Kufungulia Mkutano wa Robo Mwaka

Mkutano wa robo mwaka ni ule ambao mkurugenzi mtendaji huwakusanya wafanyakazi wote, kuanzia mameneja hadi walinzi, akawaeleza kampuni imefika wapi na kujibu maswali yao ana kwa ana. Utaratibu huu una asili katika mikutano ya wakazi wa miji ya New England, Marekani, iliyoanza karne ya 17, ambako mambo ya mji yalijadiliwa na kuamuliwa hadharani. Kampuni zimeacha kura, zikabaki na haki ya kuuliza. Kwa hiyo maneno ya ufunguzi yana kazi mbili: kumfanya kila aliyepo ajione amekaribishwa, na kumweleza ameitiwa nini.

Maneno hayo kwa kawaida huandikwa na ofisa mawasiliano au idara ya rasilimali watu, kisha mkurugenzi huyarekebisha yafanane na anavyozungumza. Hatua hiyo ya pili ndiyo inayorukwa mara nyingi, na dalili yake husikika mapema: msomaji anajikwaa kwenye sentensi ndefu ambazo hajawahi kuzitamka maishani mwake.

Uchukuliwe mfano wa kampuni ya malori yenye makao makuu Dar es Salaam na karakana Tanga na Mwanza. Robo ya Januari hadi Machi imekwenda vibaya kwa sababu ya mvua, na uongozi umeamua kusitisha ajira mpya. Mkutano unaanza saa tatu asubuhi. Mkurugenzi anaweza kufungua hivi:

“Habari za asubuhi. Mlio hapa ukumbini, wenzetu wa Tanga na Mwanza mnaotufuatilia kwenye skrini, na madereva mlio safarini mtakaosikiliza rekodi baadaye, karibuni sana. Nawashukuru mafundi wa Tanga, waliofanya kazi Jumapili mbili mfululizo ili magari yaliyokwama yarudi barabarani.

Tuna saa moja na mambo mawili. Kwanza, nitawaeleza robo iliyoisha Machi ilikwendaje. Haikuwa nzuri, na nitasema kwa nini. Pili, nataka kusikia maswali yenu kuhusu uamuzi wa kusitisha ajira mpya hadi Septemba. Nusu saa ya mwisho ni yenu, na saa nne kamili tutamaliza.”

Kwa mwendo wa kutulia, maneno haya hayazidi dakika moja na nusu. Salamu imewataja hata wasiokuwepo ukumbini, maana wafanyakazi wa matawini ndio huhisi upesi kwamba mkutano ni wa makao makuu. Shukrani nayo imetaja watu fulani na kazi waliyoifanya. “Nawashukuru nyote kwa bidii yenu” ingeweza kusemwa mwaka wowote na kampuni yoyote, na wafanyakazi wanalijua hilo. Ni lazima jambo linalotajwa lihakikishwe kwa msimamizi wa karakana kwanza, kwani kumsifu asiyehusika huwaumiza waliohusika.

Katika mikutano mingi ya Tanzania, ufunguzi huliwa na itifaki, salamu za dini moja baada ya nyingine na “oyee” za kuamsha ukumbi. Salamu hizo zina heshima yake na hazipaswi kudharauliwa. Mahali pake pazuri ni kwa mshereheshaji, kabla hajamkaribisha mkurugenzi, ili mkurugenzi aseme “itifaki imezingatiwa” na kuendelea. Shangwe hizo zisitumike siku ya habari mbaya. Wafanyakazi walioitikia “oyee” kisha wakaambiwa ajira zimesimama huona wamechezewa.

Sentensi ya kusudi ndiyo ngumu zaidi kuandika, kwa sababu uongozi hupenda kuificha habari nzito nyuma ya takwimu. Neno “haikuwa nzuri” likisemwa mapema huwaondolea wasikilizaji kazi ya kubahatisha, nao husikiliza sababu. Takwimu zenyewe zisubiri sehemu ya taarifa.

Kuna mpaka mmoja wa kisheria. Kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa haipaswi kuwadokezea wafanyakazi matokeo yanayoweza kugusa bei ya hisa kabla hayajatangazwa kwa umma, hata kwa sentensi moja ya ufunguzi. Kampuni hiyo huweka mkutano baada ya tangazo, au hubaki kwenye mambo ya utendaji.

Kabla ya siku yenyewe, ufunguzi usomwe kwa sauti mbele ya mfanyakazi asiyehudhuria vikao vya uongozi, dereva au mtunza stoo, kisha aulizwe mkutano unahusu nini na utaisha saa ngapi. Akishindwa kujibu, sentensi ya kusudi iandikwe upya.