Upawa Mmoja, Sufuria Mbili

Ikikaribia saa saba mchana, kwenye meza ya kupakulia ya mgahawa mmoja mdogo wa Ilala, Dar es Salaam, kuna sufuria mbili za kisamvu. Kimoja kimeungwa kwa nazi, kingine kwa karanga. Vyote ni kijani iliyokolea, vyote vinameremeta mafuta kwa juu, na hakuna karatasi wala alama ya kuvitofautisha. Anayejua kipi ni kipi ni dada anayepakua, na anajua kwa sababu asubuhi alimwona mama akimimina karanga zilizosagwa kwenye sufuria ya kushoto. Akienda kuswali na mwenzake akashika zamu, ujuzi huo unaondoka naye.

Mteja anauliza: "Dada, kisamvu chenu kina karanga? Mimi nikila karanga navimba."

"Kipo cha nazi, kaka. Hakina karanga kabisa."

Dada hakudanganya. Kisamvu cha nazi hakikutiwa karanga. Ila upawa alioushika ndio uleule aliopakulia cha karanga kwa mteja aliyetangulia. Aliuchovya kwenye beseni la maji ya kusuuzia, akaukung'uta mara mbili, akauzamisha kwenye sufuria ya nazi. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko, na hata mimi nisingeshtuka kama nisingekuwa nimekuja kuangalia jambo hilohilo.

Tupige hesabu ya upawa huo. Tuseme sufuria ya karanga ina kilo 5 za kisamvu na ndani yake mna robo kilo ya karanga, kipimo cha kawaida tu. Karibu robo ya uzito wa karanga ni protini, na protini ndiyo inayoamsha mzio, au aleji kama wengi tunavyoita. Kwa hiyo kila gramu ya kisamvu kile ina takriban miligramu 12 za protini ya karanga. Upawa uliosuuzwa juujuu unaweza kubaki na kiasi cha kijiko kimoja cha chai, yaani gramu 5 hivi, mgongoni na kwenye kiungo cha mpini. Hizo ni miligramu 60.

Wataalamu walioitwa na FAO na Shirika la Afya Duniani walipendekeza miligramu 2 za protini ya karanga kwa mlo mmoja kuwa kipimo cha tahadhari. Chini ya hapo, wengi wa wenye mzio huo hawapati madhara, na wachache wanaodhurika kwa kawaida hupata ya kiasi. Upawa wetu umebeba mara 30 ya kipimo hicho. Mteja hataona punje, hatasikia ladha, na sahani yake itakuwa imeitwa ya nazi tangu mwanzo hadi mwisho.

Nilipomweleza mama mwenye jiko, alinijibu kama ambavyo wapishi wengi wangejibu: "Lakini kisamvu kinachemka, baba. Moto unaua kila kitu." Ni kweli kwa vijidudu vingi, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Protini si kiumbe hai, kwa hiyo hakuna cha kuua. Baadhi ya protini za karanga, samaki na kamba zinastahimili moto mkali, na mwili wa mwenye mzio unazitambua hata baada ya kuchemshwa au kukaangwa. Chakula kinaweza kuwa kimeiva vizuri, kisafi, cha leo leo, na bado kikampeleka mtu hospitali.

Karai nalo lina kisa chake. Jikoni pale lilikuwa moja tu, la mafuta ya kama lita 4. Asubuhi lilikaanga samaki waliopakwa unga, mchana likakaanga chipsi. Mama huyachuja mafuta kila baada ya samaki, na alinionyesha chujio lake kwa fahari. Chujio linatoa makombo yanayoonekana. Vipande vidogo sana na protini iliyosambaa kwenye mafuta vinapita, kisha vinashika kwenye chipsi za mtu aliyeagiza "viazi vitupu" kwa kuogopa samaki. Pia kuna unga wa ngano uliodondoka kutoka kwenye samaki, nao ni tatizo jingine kwa mtu mwingine. Hata kubadilisha mafuta hakutoshi iwapo karai lenyewe halikusuguliwa, maana ule ukoko mweusi wa pembeni ni chakula cha jana na juzi.

Mle ndani ya friji nilikuta makopo matatu ya aiskrimu. Hayana aiskrimu, sote tunayajua makopo hayo. Moja lilikuwa na ufuta uliosagwa, jingine karanga zilizosagwa, la tatu chatne ya nazi. Vitu viwili vya kwanza vinafanana rangi, na mpishi wa jioni alikiri kwamba huvitambua kwa kunusa. Kwa jiko, kosa hapo ni ladha kuharibika. Kwa mwenye mzio ni jambo jingine kabisa.

Kilichobadilishwa pale hakikuhitaji fundi. Sufuria ya karanga ilihamishiwa mwisho kabisa wa meza, ikapewa upawa wake wenye uzi mwekundu mpinini, na upawa huo ukawa unaoshwa na kuanikwa peke yake. Vyombo vingine vikaanza kuoshwa kwa sabuni, kwa kusugua, na kusuuzwa kwa maji safi yanayotiririka, maana beseni moja la siku nzima linageuka supu ya kila kilichopikwa. Mikono vilevile: sabuni na maji ndivyo vinavyoondoa karanga, ila vile vitakasa mikono vya kupaka vinashughulika na vijidudu na kuiacha protini palepale. Makopo yakabandikwa utepe wenye jina la kitu, viungo vilivyomo na tarehe.

Karai la pili halikupatikana, kwa kuwa jiko la pili halipo. Kwa hiyo mhudumu sasa humwambia mwenye mzio wa samaki waziwazi: "Chipsi zetu zinakaangwa pamoja na samaki, hatuwezi kukuhakikishia." Wapo watakaoona mgahawa unajifukuzia wateja. Mimi nadhani hilo ndilo jibu bora kuliko yote niliyoyasikia siku ile.

Yapo makosa mawili ya mwisho ambayo nimeyaona kwingi. La kwanza ni kurudisha sahani iliyokosewa, kutoa karanga juu kwa kijiko, kisha kumpelekea mteja yuleyule. Sahani ile imeshaharibika kwake. Apakuliwe nyingine kwa vyombo safi. La pili hutokea mtu akishaanza kuwashwa mdomo, kuvimba midomo, kutapika au kukoroma kifuani, dakika chache baada ya kula na mara nyingi ndani ya saa mbili. Watu hukimbilia maziwa au Piriton. Maziwa hayasaidii kitu. Piriton hupunguza mwasho, haifungui koo linaloziba wala haipandishi presha iliyoshuka. Dawa ya hali hiyo ni adrenalini, sindano ya kwenye msuli wa paja, na mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, akiwa amelazwa chali au amekaa ikiwa anapumua kwa shida. Asilazimishwe kusimama wala kutembea.

Wewe mwenye mzio, ukifika mgahawani usiishie kuuliza kama chakula kina karanga. Uliza mafuta haya yamekaanga nini leo, na upawa huu umetoka kwenye sufuria gani. Kisha omba uoshwe kwa sabuni kabla ya kupakuliwa, wala usione haya.